Katibu wa Wizara na Rais Mpya

Usiku wa tarehe 14 Septemba 2022, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli ya Kenya ilitangaza bei mpya za mafuta. Lita moja ya petroli jijini Nairobi ilipanda kutoka shilingi 159.12 hadi shilingi 179.30. William Ruto alikuwa ameapishwa kuwa Rais siku moja kabla, katika uwanja wa Kasarani, na kwenye hotuba yake alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imekwisha kula shilingi bilioni 144, na bilioni 60 kati ya hizo zilitumika katika miezi minne ya mwisho. Siku hiyo hakuwa na waziri hata mmoja aliyemteua mwenyewe. Mawaziri walikuwa wa Uhuru Kenyatta, Rais aliyetoka. Makatibu wa Wizara nao walikuwa wameteuliwa na Uhuru, mtu aliyekuwa amezunguka nchi nzima akimpigia debe Raila Odinga, mpinzani wa Ruto. Maofisa walioipanga ruzuku ile na kuitafutia fedha mwezi baada ya mwezi ndio walioambiwa waiondoe kwenye petroli, nao wakaiondoa.

Wakenya wengi waliichukulia habari hiyo kama habari ya bei tu, na ni haki yao, maana walioumia mfukoni ni wao. Lakini kwa anayefuatilia utumishi wa umma, saa zile chache zilionyesha jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi. Ofisa asiyeegemea upande si mtu asiye na maoni wala asiyepiga kura. Ni mtu anayeweza kutekeleza sera ya Julai na sera ya Septemba kwa uangalifu uleule, kisha akaandika kwenye faili ushauri wake wa kweli kuhusu zote mbili. Siku 80 baada ya kuapishwa kwa Ruto, tarehe 2 Desemba 2022, wengi wa Makatibu hao walikuwa wamekabidhi ofisi na wengine wapya wamekula kiapo. Swali ninalotaka kulifuata hapa ni kama mtu anayejua kwamba ataondoka, afanye vizuri au vibaya, anaweza kweli kuombwa asiegemee upande.

Kwanza tuone cheo chenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 155, inasema cheo cha Katibu wa Wizara ni cheo katika utumishi wa umma. Waziri ni mtu wa Rais na hakuna anayetarajia vinginevyo. Katibu ni mtumishi. Ndiyo maana hateuliwi kwa njia ya Waziri: Tume ya Utumishi wa Umma hutangaza nafasi, hupokea maombi, huwahoji watu, kisha hupeleka majina yaliyopendekezwa. Rais huchagua katika orodha hiyo, na Bunge la Taifa huidhinisha. Nguvu ya Katibu haimo katika heshima ya cheo bali katika saini. Yeye ndiye afisa masuhuli, yaani anayeidhinisha matumizi ya fedha za idara yake na kuyajibia. Ibara ya 226 inamfanya awajibike kwa Bunge kuhusu fedha hizo, na inaongeza kifungu kizito: afisa wa umma akiidhinisha matumizi yanayokiuka sheria, hasara itakayotokea ni yake binafsi, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka.

Ukitaka kujua uzito wa saini hiyo, angalia Ruto alichoanza nacho. Siku ileile ya kuapishwa alitangaza kwamba bajeti ya polisi inatolewa katika Ofisi ya Rais na kupelekwa kwa Huduma ya Taifa ya Polisi, na Inspekta Jenerali ndiye atakuwa afisa masuhuli wake. Kabla ya hapo saini ya fedha za polisi ilikuwa ya Katibu wa Wizara ya Usalama wa Ndani. Huyo alikuwa Karanja Kibicho, na wafuasi wa Ruto walikuwa wamelalamika kwa miezi mingi kwamba yeye na machifu walikuwa wakitumiwa kumpigia debe Raila. Kabla ya kumgusa mtu, Rais mpya alihamisha kalamu.

Lalamiko hilo, liwe la kweli au la, linaonyesha mahali ambapo kutoegemea upande hujaribiwa zaidi nchini Kenya. Chini ya Katibu wa Usalama wa Ndani kuna mnyororo unaopitia kwa kamishna wa kaunti na naibu wake, hadi kwa chifu na naibu wa chifu kijijini. Chifu huitisha baraza. Chifu ndiye anayejua nani ana shida ya kitambulisho, nani yuko kwenye orodha ya fedha za wazee, nani anadaiwa nini na jirani. Hahitaji kusimama jukwaani na kutaja jina la mgombea. Akiitisha baraza la kueleza mradi wa barabara wiki mbili kabla ya kura, na mgeni wa heshima akawa mwanasiasa wa upande mmoja, ujumbe umefika.

Sheria inalijua tatizo hili. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza mtumishi wa umma kuwa wakala wa chama au kuonyesha kuunga mkono au kupinga chama ama mgombea. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 ilirudia katazo hilo kwa maafisa wa dola walioteuliwa, kisha ikatoa ruhusa kwa Mawaziri na wajumbe wa kamati tendaji za kaunti. Ruhusa hiyo ndiyo iliyokuwa mwanya wenyewe. Mwaka 2022 Mawaziri kadhaa walisimama majukwaani kumnadi Raila, na ruhusa hiyo ndiyo waliyokuwa nayo mkononi. Lakini Waziri anapopanda jukwaani hapandi peke yake. Kuna gari la wizara, msaidizi wa wizara, mpiga picha wa wizara, na hotuba iliyoandikwa na mtu fulani wizarani. Katibu ndiye anayesaini posho za wote hao. Akikataa, anamkwaza Waziri na Rais wake wa leo. Akikubali, anaandikwa kwenye daftari la anayeweza kuwa Rais kesho.

Ndiyo maana anayetaka kupima kama utumishi wa umma umeegemea upande wakati wa uchaguzi hupoteza muda akisikiliza hotuba. Dalili zimo katika makaratasi ya kawaida. Ni malipo gani yalitolewa kwanza katika miezi mitatu kabla ya kura, na ni yapi yaliwekwa kando ilhali hati zake zilikuwa zimekamilika? Ni maofisa gani walihamishwa ghafla kutoka maeneo yenye ushindani mkali, na nani aliyesaini barua za uhamisho? Miradi ipi ilizinduliwa kabla ya kandarasi yake kusainiwa? Majibu ya maswali hayo huonekana wazi kwa mkaguzi mwenye subira, na ni vigumu kuyasingizia.

Sasa turudi kwenye zile siku 80, maana humo ndimo mfumo wa Kenya unamoonekana ukifanya kazi na ukishindwa kwa pamoja.

Kilichofanya kazi kwanza ni makabidhiano yenyewe. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu kushika madaraka ya urais inaunda kamati ya maofisa wa kumpokea Rais mteule: kumpangia ulinzi, kumpa taarifa za serikali, kuandaa kiapo. Mwaka 2022 kamati hiyo iliongozwa na Joseph Kinyua, Mkuu wa Utumishi wa Umma. Kinyua aliwahi kuwa Katibu wa Wizara ya Fedha enzi za Mwai Kibaki, akapandishwa na Uhuru mwaka 2013, na kwa miaka tisa alikuwa ofisa wa karibu kabisa na Uhuru. Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Agosti, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, hukumu ikatoka tarehe 5 Septemba, na kiapo kikafanyika tarehe 13 kama Katiba inavyotaka. Katika siku hizo zote mkuu wa watumishi aliyeteuliwa na upande ulioshindwa alikuwa akimwandalia kiti aliyeshinda. Hakuna faili lililopotea likatangazwa, hakuna siku iliyosogezwa. Tukumbuke kwamba nchi hiyohiyo iliwahi kuapisha Rais Ikulu jioni, haraka haraka, mwezi Desemba 2007, na maafa yaliyofuata tunayajua. Utaratibu huu ni mafanikio makubwa na naamini hausifiwi vya kutosha.

Tarehe 27 Septemba Ruto alimtaja Felix Koskei kuchukua nafasi ya Kinyua. Sioni kosa hapo. Mkuu wa Utumishi wa Umma anakaa mlango wa pili kutoka kwa Rais, na Rais ambaye hamwamini mtu wa mlango huo hawezi kufanya kazi. Mawaziri wapya waliapishwa tarehe 27 Oktoba. Makatibu waliendelea.

Wakati huo Tume ya Utumishi wa Umma ilikuwa imetangaza nafasi za Makatibu. Waombaji walikuwa 9,182. Waliochujwa na kuitwa kuhojiwa walikuwa 477, na mahojiano yakafanyika Oktoba. Mapema Novemba Rais akatoa orodha yake, na baada ya Bunge kuwahoji, wakaapishwa tarehe 2 Desemba. Raymond Omollo akachukua Usalama wa Ndani. Chris Kiptoo, aliyekuwa Katibu wa Mazingira chini ya Uhuru, akahamishiwa Hazina ya Taifa. Korir Sing'oei, mwanasheria aliyekuwa mshauri wa Ruto katika ofisi ya Naibu Rais, akapewa Mambo ya Nje.

Majina hayo matatu yanatosha kuonyesha jinsi mlango ulivyo. Mmoja aliingia badala ya ofisa aliyekuwa amelaumiwa na washindi. Mwingine alitoka serikali ya zamani akapewa idara nzito zaidi kuliko ile aliyokuwa nayo. Wa tatu alitoka moja kwa moja katika timu ya mshindi. Wote walipita katika mahojiano yaleyale, na sisemi hata mmoja hakustahili. Ninachosema ni kwamba mlango wa kuingilia umejengwa vizuri, una kufuli na una walinzi wawili, Tume na Bunge, lakini nyumba haina mlango wa kutokea unaojulikana. Ibara ya 155 inaeleza namna ya kumteua Katibu, namna ya kumhamisha, hata namna yake ya kujiuzulu. Haisemi atakaa miaka mingapi. Ibara ya 132 inampa Rais uwezo wa kumwondoa, bila kutaja sababu. Kwa upande mwingine, ibara ya 236 inamlinda kila afisa wa umma asifukuzwe wala kushushwa cheo bila kufuata utaratibu wa haki. Katibu wa Wizara amesimama katikati ya ibara hizo mbili, na desturi ndiyo iliyoamua: uchaguzi ukileta Rais mpya, tangazo la nafasi hutoka, na aliyeko anaelewa.

Matokeo ya desturi hiyo huonekana kabla ya uchaguzi. Mtu anayejua kwamba akibaki bila kuegemea upande ataondolewa na mshindi yeyote yule, hana sababu ya kibinafsi ya kutoegemea. Akimsaidia bwana wake wa sasa na bwana akashinda, atabaki. Akisaidia upande mwingine kwa siri na upande huo ukashinda, huenda akakumbukwa. Akifanya kazi yake tu, hana wa kumkumbuka. Tunawaomba watu hawa uadilifu ambao mfumo wenyewe unauadhibu. Wapo walio nao licha ya hayo, na ruzuku ya Septemba ni ushahidi, lakini nchi haiwezi kujengwa kwa kutegemea kwamba watapatikana kila mara.

Wakenya wenye umri wanaijua hali mbaya zaidi ya hii. Enzi za Daniel arap Moi, Katibu alisikia habari ya kufutwa kwake katika taarifa ya habari ya redio ya saa saba mchana kama raia mwingine yeyote. Mwaka 1986 Bunge lilimwondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu ulinzi wa ajira zao, na mwaka 1988 likawaondolea majaji na wajumbe wa Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kuurudisha mwaka 1990. Ofisa mwandamizi wa miaka hiyo alijifunza kusoma uso wa Rais kabla ya kusoma faili. Katiba ya 2010 iliandikwa na watu walioyaona hayo, na ndiyo maana waliweka nguvu zao zote mlangoni: waliogopa zaidi uteuzi wa upendeleo. Kuondoka hakukupewa uangalifu uleule.

Kuna hoja ya upande wa pili na ina nguvu. Serikali mpya hupigiwa kura ili ilete mabadiliko, na mabadiliko hayaletwi na maofisa waliotumia miaka kumi kujenga kile wananchi walichokikataa. Anayedai hivi atakutajia maofisa wanaochelewesha mafaili, wanaovujisha barua, wanaosubiri Rais achoke. Hawa wapo. Lakini tazama kilichotokea Kibaki alipoingia mwishoni mwa 2002 na muungano wa NARC. Makatibu walibadilishwa, matumaini yalikuwa makubwa, na bado mikataba ya Anglo Leasing, ambayo mizizi yake ilikuwa katika serikali iliyotoka, ilipata walezi wapya katika serikali iliyoingia. Aliyeifichua kutoka ndani alikuwa John Githongo, Katibu wa Utawala Bora na Maadili katika Ofisi ya Rais. Alifanya hasa kile tunachomtaka Katibu afanye: alimwambia Rais wake ukweli ambao wenzake hawakutaka usemwe. Februari 2005 alijiuzulu akiwa London na akaishi uhamishoni. Kubadilisha watu hakukuvunja mikataba ile, na mtu aliyejaribu kuivunja hakuwa na kitu cha kumlinda ofisini.

Serikali mpya pia huwa na madeni ya kisiasa, na mlango ukiwa mgumu hutafuta dirisha. Machi 2023 Ruto aliteua Mawaziri Wasaidizi 50. Tume ilikuwa imetangaza nafasi 23. Tarehe 3 Julai 2023 Mahakama Kuu ikaubatilisha uteuzi huo, na moja ya sababu ni kwamba nafasi 27 za ziada hazikupitia ushirikishwaji wa umma. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ilifanya zaidi kuwalinda Makatibu kuliko sheria yoyote ya maadili, kwa sababu nafasi zile zingeweka mwanasiasa mwingine kati ya Waziri na saini.

Tanzania inaweza kudhaniwa kuwa imeepuka haya yote, kwa kuwa TANU na mrithi wake CCM ndivyo vyama vilivyotawala tangu uhuru. Mambo ya 2021 yanaonyesha sivyo. John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, alifariki tarehe 17 Februari mwaka huo. Rais John Magufuli akamteua Bashiru Ally, ambaye wakati huo alikuwa Katibu Mkuu wa CCM, kuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Mtendaji mkuu wa chama akawa mkuu wa watumishi wote wa umma, bila hata wiki moja kati ya kofia moja na nyingine. Magufuli naye akafariki tarehe 17 Machi, na tarehe 31 Machi Rais Samia Suluhu Hassan akamteua Hussein Kattanga, aliyewahi kuwa katika utawala wa Mahakama, kushika nafasi hiyo. Bashiru akateuliwa kuwa mbunge. Ni kama mwezi mmoja tu alikuwa ofisini. Kila mtu mle ndani alikuwa wa chama kimoja, na bado mabadiliko ya Rais yalimwondoa ofisa wa juu kabisa.

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Watumishi wa umma walifunguliwa mlango wa kujiunga na TANU mwaka 1964, na mwaka uliofuata nchi ikawa ya chama kimoja. Matawi ya chama yakafunguliwa maofisini na yakadumu hadi mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Makatibu Wakuu huteuliwa na Rais na uteuzi wao hutenguliwa na Rais, na taarifa ya Ikulu mara nyingi huwa ni sentensi mbili, ya pili ikisema kwamba mhusika atapangiwa kazi nyingine. Hakuna tangazo la nafasi wala mahojiano ya Bunge. Eneo lililoleta ugomvi mahakamani ni la chini zaidi: wakurugenzi wa halmashauri, walioteuliwa na Rais, ndio waliokuwa wasimamizi wa uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu, katika kesi ya Bob Chacha Wangwe, ilisema utaratibu huo unavunja Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mkurugenzi hula kiapo cha kutopendelea upande wowote. Siamini kiapo kinaweza kubeba mzigo huo, pale ambapo anayekula kiapo anaweza kutenguliwa kesho yake na mmoja wa washindani.

Nchi zote mbili zilirithi mfano wa Uingereza, ambako ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ilipendekeza watumishi waajiriwe kwa mtihani na wabaki serikali inapobadilika. Kwa zaidi ya karne Katibu Mkuu wa wizara mjini London aliweza kumpokea waziri wa chama cha upinzani asubuhi baada ya uchaguzi na kumpa majalada yaliyokwisha kuandaliwa. Lakini hata huko desturi imechakaa. Tarehe 8 Septemba 2022, siku tano kabla ya kiapo cha Kasarani, Tom Scholar, Katibu Mkuu wa Hazina ya Uingereza, aliondolewa siku mbili tu baada ya Liz Truss kuwa Waziri Mkuu. Wiki mbili baadaye serikali ya Truss ilitangaza bajeti ndogo iliyotikisa soko la dhamana, na Oktoba Truss akatangaza kujiuzulu. Sidai Scholar angeizuia. Nasema tu kwamba walioingia Hazina mwezi huo walianza kwa kumtoa mtu aliyekuwa ameziona dhoruba nyingi za masoko.

Kuna kitu kimoja cha Uingereza ambacho kingefaa Kenya zaidi ya mtihani wa kuingilia. Katibu Mkuu akiona matumizi ambayo waziri anayataka hayafuati kanuni au hayana thamani ya fedha, humwomba waziri ampe agizo kwa maandishi. Waziri akilitoa, Katibu hutekeleza na waziri ndiye anayelijibia, na nakala hupelekwa kwa mkaguzi na kwa kamati ya hesabu za serikali. Hakuna ugomvi, hakuna kujiuzulu. Karatasi moja inabainisha uamuzi ulikuwa wa nani.

Karatasi kama hiyo ingesaidia pia wanaobaki. Nchini Kenya, kila Makatibu wanapobadilishwa, huanza kipindi kirefu ambapo wapya hawataki kusaini malipo ya kazi walizozikuta. Na wanaogopa kwa haki, kwa sababu hasara ya saini ni yao binafsi na aliyejua kwa nini kandarasi ilibadilishwa katikati ameshaondoka. Mkandarasi aliyechimba kisima akakabidhi, akiwa na hati zote, husubiri. Mwaka 2023 serikali iliunda kamati chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, kuhakiki madai yaliyorundikana tangu 2005 hadi Juni 2022. Ndani ya mafungu hayo kuna ulaghai mwingi, ndiyo sababu ya uhakiki, lakini kuna pia watu waliouza mashamba kulipa mikopo ya benki wakisubiri saini ya ofisa asiyewahi kuuona mradi wao. Gharama ya kuwafagia maofisa wote kwa mkupuo hulipwa na watu hao, na haionekani katika bajeti yoyote.

Kisha kukaja Julai 2024. Baada ya wiki za maandamano ya vijana, Ruto aliwafuta kazi Mawaziri wake wote, isipokuwa Musalia Mudavadi, pamoja na Mwanasheria Mkuu. Alisema shughuli za serikali zitaendelea chini ya Makatibu wa Wizara.  Rais huyohuyo aliyewapokea Makatibu wa mtangulizi wake kama wapangaji wa muda aliwategemea Makatibu nchi ilipotikisika mikononi mwake.

Mimi nadhani suluhisho lipo na si kubwa. Sheria impe Katibu wa Wizara kipindi cha miaka mitano kinachohesabiwa tangu siku aliyoapishwa, si tangu uchaguzi, ili vipindi vipishane na uchaguzi usikate wote kwa siku moja. Rais abaki na uwezo wa kumhamisha Katibu kutoka wizara moja hadi nyingine, maana Katiba tayari inamruhusu na kuaminiana ni jambo la kweli. Akitaka kumwondoa kabisa kabla ya muda, atoe sababu kwa maandishi kwa Tume, na Katibu apewe nafasi ya kujibu. Mkuu wa Utumishi wa Umma, washauri na wasemaji waondoke na Rais wao bila mjadala. Na siasa za Mawaziri zifungwe na sharti moja: kuanzia siku kampeni zinapofunguliwa, Waziri anayepanda jukwaani asiguse gari, mtumishi wala posho ya wizara, na Katibu asiyetii sharti hilo ajibie kwa fedha zake.

Mpango huu hautamzuia Rais aliyeamua kumvunja mtu. Anaweza kumhamishia idara isiyo na bajeti na kumwacha huko akinywa chai. Hautamfanya mwoga kuwa jasiri. Utakachofanya ni kumpa ofisa anayetaka kufanya kazi yake sababu moja ya kibinafsi ya kuifanya hivyo. Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Makatibu waliopo watatakiwa kuamua mapema mwaka huo ni mafaili gani wayasogeze mbele na yapi wayaache mezani, na kwa sheria ilivyo leo, kila mmoja wao ataamua hilo akiwa anahesabu kura.